Mbegu za Kwenye Chupa ya Bibi: Picha Inaonyesha Nini na Haionyeshi Nini

"Shikamoo mtaalamu. Niko Pangani. Bibi yangu amefariki na nimekuta chupa yake ya mbegu jikoni, nadhani ina miaka minne au mitano. Nimekutumia picha. Kuna nyeupe zenye jicho jeusi na baadhi zina vitobo. Kuna nyeusi bapa zenye mstari mweupe pembeni. Kuna za mviringo rangi ya krimu, nyingine zimegeuka kahawia. Kuna na nne nyekundu zenye doa jeusi, na ganda moja kavu. Nataka kuzipanda mvua zikianza. Jirani ananiambia niziloweke, zinazoelea nitupe, zinazozama nipande. Ni mbegu za nini hizi, na bado ni nzima?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa bibi.

Nianze na zile nne nyekundu, kwa sababu hizo hazingoji mvua. Zitoe kwenye chupa leo. Hiyo ni mtipitipi, mmea unaotambaa wenyewe kwenye vichaka vya pwani yetu, na watu huziokota kwa uzuri wake au kuzitumia kwenye shanga na vyombo vya ngoma. Huenda bibi aliziweka kwa ajili hiyo, au kwa dawa. Ndani yake mna sumu iitwayo abrini, nayo ni kali mno. Ngozi ya mbegu ni ngumu, kwa hiyo ikimezwa nzima mara nyingi hupita na kutoka ilivyoingia, lakini ikitafunwa au ikiwa imetobolewa, mbegu moja inaweza kumuua mtoto. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku nzima, na hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hiyo. Ukihisi mtoto ametafuna, usikae kusubiri aanze kutapika: mpeleke hospitali hapo hapo, uende na mbegu mkononi waione. Mtu mzima anayezitoboa kwa sindano ili atunge shanga naye yuko hatarini, maana unga wake unaweza kuingia kwenye jeraha au machoni. Zifukie mbali na watoto, au zichome ukiwa umesimama upande unakotoka upepo ili moshi usikujie. Kisha osha chupa na mikono.

Sasa tuje kwenye zile ulizotaka kujua.

Mtu anapotazama mbegu za jamii ya maharage, jicho lake hukimbilia rangi. Rangi ndiyo inayodanganya kuliko chochote. Kunde zipo nyeupe, nyekundu, nyeusi, kahawia na za madoadoa, na maharage vivyo hivyo, na fiwi vivyo hivyo. Mimi nikipokea picha natafuta kwanza kitovu, ile alama iliyobaki mahali mbegu iliposhikana na ganda. Kila aina ina kitovu chake kwa umbo, urefu na mahali kilipokaa, na hakibadiliki kwa kuzeeka kama rangi inavyobadilika. Baada ya kitovu natazama umbo la mbegu, kisha ukubwa, na rangi naiacha mwisho.

Picha yako ya pili, ya zile nyeusi bapa, ndiyo niliyokaa nayo kwa muda mrefu. Pwani kuna mbegu mbili nyeusi zinazochanganywa sana, na moja ni chakula wakati nyingine si ya kuchezea. Ni fiwi na upupu. Fiwi, ambazo wengine huziita ngwara, zina kitovu kirefu cheupe kilichoinuka kama ukingo mwembamba, kikienda pembeni mwa mbegu hadi karibu theluthi ya mzunguko wake. Ukipitisha ukucha unauhisi ukingo huo. Upupu nao una kitovu cheupe au cha krimu kilichoinuka, lakini ni kifupi, kipana, kimefanya mviringo wa mdomo uliozunguka shimo, na mbegu yenyewe ni nene, imejaa, inang'aa, mara nyingi ni kubwa kuliko fiwi. Fiwi ni bapa zaidi. Kwenye picha yako mstari mweupe ni mrefu na mwembamba, na mbegu iliyosimama kwa ubavu inaonekana nyembamba. Ni fiwi.

Ganda lile kavu linathibitisha. Ni fupi, pana, bapa, limepinda kidogo kama mundu, na mwisho wake una ncha iliyochongoka kama mdomo wa ndege. Ukilitazama vizuri utaona kingo zake zina mikwaruzo au vijipele vidogo vidogo mstarini. Fiwi huzaa maganda ya namna hiyo, yenye mbegu tatu hadi sita. Lingekuwa la upupu, ungelijua kabla hujanitumia picha: limefunikwa na vinyweleo vya rangi ya dhahabu au kahawia ambavyo vikigusa ngozi mtu hujikuna hadi alie. Nakutajia hili kwa sababu ukiwa unatafuta maganda zaidi kwenye ua wa bibi, usiguse lolote lenye manyoya namna hiyo kwa mikono mitupu, na mbegu zake usipike. Zina kemikali iitwayo levodopa kwa wingi, ambayo ukila nyingi huleta kichefuchefu na kuvuruga akili.

Hata fiwi nazo, zile nyeusi hasa, zina chembe za sumu ya sianidi ndani yake zikiwa mbichi. Ndiyo maana wazee wetu huzichemsha, wakamwaga maji, wakachemsha tena. Ukizipanda na kuvuna, fuata utaratibu huo bila kuufupisha.

Zile nyeupe zenye jicho jeusi ni kunde, na hapo sina shaka. Jicho hilo linazunguka kitovu cheupe kilicho katikati yake, na ukiitazama mbegu kwa ubavu utaona kitovu hakikukaa katikati kabisa, kimesogea upande mmoja. Maharage ya kawaida hayafanyi hivyo, kitovu chao kiko katikati ya upande uliopinda, ni kidogo cha umbo la yai, hakijainuka, na hakina duara la rangi kukizunguka kwa namna hii.

Zile za mviringo rangi ya krimu ni mbaazi. Mbegu yake ni kama duara lililobanwa kidogo upande wa kitovu, na kitovu ni kidogo cheupe. Hapa ungeweza kuzichanganya na choroko kwa mtu ambaye hajazoea, lakini choroko ni ndogo zaidi, kijani iliyokolea, na ina umbo la pipa. Ukipata ganda la mbaazi utalitambua kwa mikato ya mshazari kati ya mbegu na mbegu, mithili ya vidole vilivyokandamiza unga. Ganda la kunde ni jembamba, refu, huning'inia au kusimama mbili mbili juu ya bua moja, na mikato yake si ya mshazari.

Usiniulize, tafadhali, ni kunde ya aina gani. Wakulima wengi huniuliza kama ni Tumaini au Vuli-1 kwa kuangalia picha ya mbegu. Siwezi, na hakuna mtu anayeweza kwa uaminifu. Mbegu za kienyeji zenye jicho jeusi na mbegu zilizoboreshwa zenye jicho jeusi zinaweza kufanana kabisa. Aina hujulikana shambani, kwa namna inavyotambaa au kusimama, siku inayoanza kuchanua, rangi ya ua, na urefu wa ganda. Unachoweza kusema kuhusu za bibi ni kwamba zimezoea udongo na mvua za hapo Pangani, na hilo halipungui kwa kukosa jina la dukani.

Sasa swali zito: nzima au siyo nzima?

Nikuambie wazi, picha haiwezi kuonyesha uhai. Inaweza kuonyesha kifo cha mbegu moja moja, yaani iliyoliwa, iliyooza au iliyovunjika. Lakini mbegu nzuri kwa macho, laini, ya rangi safi, inaweza kuwa imekufa zamani, na mbegu iliyokunjamana ikaota. Kwa hiyo nitakusomea kwenye picha zako kile kinachosomeka, kisha nikuelekeze namna ya kuuliza mbegu zenyewe.

Tuanze na vitobo. Katika picha ya kwanza nimehesabu kunde 64, na 23 zina tobo la mviringo, safi, kama lililochimbwa kwa msumari. Hizo zimebunguliwa na mdudu wa kunde. Jike hutaga yai juu ya ngozi ya mbegu, wakati mwingine ganda likiwa bado shambani. Kiluwiluwi hutoboa moja kwa moja kutoka chini ya yai hadi ndani, na ndani hula yale mapande mawili ya chakula yaitwayo kotiledoni, ambayo mche ungeyatumia kabla ya kuanza kujilisha. Ile tobo unayoiona siyo mlango aliouingilia, ni mlango aliotokea akiwa amekwisha kula. Mzunguko wote kwa joto letu la pwani unachukua kama wiki tatu hadi nne tu, ndiyo maana kopo moja linaweza kuharibika msimu huo huo.

Hili lina maana mbili kwako. Kwanza, mbegu isiyo na tobo siyo lazima iwe salama. Angalia kwa makini, ukiweza kwa kioo cha kukuza, kama kuna vidoa vidogo vyeupe vilivyogandamana kwenye ngozi. Hayo ni mayai yaliyokwishaanguliwa, na weupe wake unatokana na uchafu alioutoa kiluwiluwi alipokuwa anachimba kuingia. Yai lililo wazi kama maji huenda halijaanguliwa. Kwenye picha yako naona mbegu mbili zisizo na tobo lakini zina kidoa cheupe; zitenge na zile zilizotoboka. Baada ya miaka minne ndani ya chupa iliyofungwa wadudu wenyewe watakuwa wamekufa, lakini walichokula hakirudi.

Pili, mbegu yenye tobo moja siyo kila mara ni maiti. Kiinitete cha mche, yaani mzizi wa kwanza na kichipukizi, kimelala karibu na kitovu. Tobo likiwa upande wa mbali na kitovu, inawezekana hakikuguswa, mche ukatoka, ila utakuwa mnyonge kwa sababu akiba yake imepungua. Tobo likiwa karibu na jicho jeusi, au mbegu ikiwa na matobo mawili matatu, itupe. Kwa chupa yako, ambayo ina nyingine zisizo na tobo, mimi ningeweka pembeni zote 23 na kuzitumia za mwisho, kama mambo yatakuwa mabaya.

Rangi ya kahawia kwenye mbaazi ni suala jingine. Mbegu nyeupe au za krimu hubadilika taratibu kuwa kahawia kwa sababu tanini zilizomo kwenye ngozi huungana na oksijeni, na kazi hiyo huenda haraka panapokuwa na joto na unyevu. Kwa hiyo kahawia inakueleza hali ya hifadhi kuliko umri wenyewe, na haina maana moja kwa moja kwamba mbegu imekufa. Mbaazi zako zimegeuka rangi sehemu tu, nyingine bado krimu. Hilo linanitia wasiwasi kidogo kwamba chupa ilifungwa ikiwa na unyevu, au chupa ilisogezwa karibu na moto. Lakini sijaona ukungu, wala mbegu iliyoshikana na mwenzake, na hizo zingekuwa dalili mbaya zaidi.

Mikunjo kwenye ngozi vilevile si hukumu. Kunde nyingi zina ngozi iliyokunjamana kwa asili. Ile inayosumbua ni mbegu iliyopungua ikawa nyepesi na bapa, iliyovunwa ikiwa bado changa, kwa sababu haikuwahi kujaza akiba. Nyufa ndizo za kuangalia kwa umakini: mbegu iliyopigwa kwa fimbo wakati wa kupura inaweza kuwa nzima kwa juu huku kotiledoni zimekatika ndani. Zikiota unaona mche usio na kichipukizi, mapande mawili tu juu ya shina, na huo hauendi popote.

Kwa nini mbegu isiyoguswa na mdudu hufa? Ndani ya mbegu kavu seli zipo hai lakini zimelala, na ngozi nyembamba zinazozizunguka huchakaa polepole. Kadiri mbegu ilivyo na unyevu na joto, ndivyo zinavyochakaa upesi. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya makadirio ambayo hutumika sana: unyevu wa ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake huongezeka takribani mara mbili, na joto la ghala likipungua kwa nyuzi 5 huongezeka mara mbili tena. Si sheria ya kupimia kwa saa, ila inakuonyesha kwa nini "miaka minne" peke yake haitupi jibu. Mbegu iliyofungwa ikiwa na unyevu wa asilimia 14 na nyingine iliyofungwa ikiwa na asilimia 10, zote kwenye rafu moja, zinatofautiana umri mara 16. Hapo Pangani hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na mbegu iliyoachwa wazi hunyonya hadi ilingane nayo. Chupa ya bibi ikifungwa vizuri inalinda mbegu kavu, lakini vilevile inaufungia ndani unyevu wa mbegu isiyokauka.

Mbegu iliyochakaa hivyo ikikutana na maji kwa ghafla, seli zake hazihimili. Sukari na chumvi huvujia nje, kuvu hupata chakula, na kiinitete kinazama. Hapo ndipo ninapotofautiana na jirani yako, pamoja na heshima zote. Kipimo cha kuelea kina ukweli mdogo: mbegu iliyoliwa ndani huelea kwa kuwa imebaki na hewa. Lakini mbegu iliyokufa kwa uzee bado imejaa, inazama kama jiwe. Na mbegu nzima inaweza kuelea kwa sababu tu kuna kiputo cha hewa chini ya ngozi. Kwa hiyo utatupa nyingine nzuri na kupanda nyingine zilizokufa. Baya zaidi, mbegu kuukuu ulizoziloweka usiku kucha ndizo hasa zinazoumizwa na maji, na ukishaziloweka huwezi kuzirudisha chupani.

Badala yake zioteshe kidogo kidogo. Kwa kuwa ni mbegu za urithi, sitaki upoteze hata moja kwenye majaribio, kwa hiyo tumia viriba vidogo vya miche, vilivyojazwa mchanga na mboji kidogo, ili kinachoota kiende shambani. Mchanga wa ufukweni usitumie hata ukionekana msafi, chumvi yake itakudanganya kwamba mbegu zimekufa. Chukua mchanga wa mtoni, uuoshe, umwagie maji ya moto, uuache upoe. Maji ya kumwagilia yawe ya mvua au ya bomba, si ya kisima chenye ladha ya chumvi.

Kabla ya kupanda, zitandaze mbegu ulizochagua usiku mmoja juu ya kitambaa kilichokamuliwa, chenye unyevu bila kudondosha, zifunikwe kwa kitambaa kingine hivyo hivyo. Hapo zinanywa taratibu badala ya kuzama. Asubuhi zichunguze. Zilizovimba zipande kwa kina cha sentimita 2, kiriba kimoja mbegu moja, kivulini, na mchanga uwe na unyevu bila kutuama maji.

Baadhi ya fiwi zitakuwa hazijavimba kabisa, zimebaki ngumu kama jana. Usiseme zimekufa. Fiwi huwa na mbegu ngumu, ngozi yake haipitishi maji, na hiyo ni hila ya mmea ya kuota polepole. Chukua msasa, ukwaruze upande ulio mbali na kitovu, mara chache tu, hadi uone safu ya chini yenye rangi nyepesi zaidi, kisha rudisha kwenye kitambaa usiku mwingine. Mbegu iliyokufa hufanya kinyume: inavimba vizuri, kisha ukiibonyeza inalegea, ina ute, inanuka, na ukungu huanza. Tofauti hiyo, ngumu isiyovimba dhidi ya laini iliyooza, ndiyo wengi wanaikosa.

Kwa kunde ulizonazo, baada ya kuondoa 23 za tobo na mbili zenye yai, unabaki na 39. Chukua 20. Fiwi chukua 10, mbaazi 20. Hesabu kunde siku ya 5 na ya 8. Fiwi na mbaazi zipe mpaka siku ya 10. Mbaazi usiitarajie ipandishe kotiledoni zake juu ya udongo kama kunde na fiwi zinavyofanya. Huziacha chini na kutoa kichipukizi tu, kwa hiyo usichimbue ukidhani imeshindwa.

Tuseme siku ya 8 kunde zako 20 zimetoa miche 11 iliyo kamili, yaani ina mzizi, shina lililosimama na kichipukizi kati ya majani mawili. Tatu zimeota lakini zimepinda, au hazina kichipukizi. Mbili bado ngumu. Nne zimeoza. Tunahesabu 11 tu: asilimia 55. Zile tatu haziingii kwenye hesabu, hata kama zinaonekana kijani, kwa kuwa shambani hazitafika popote. Zile mbili ngumu zikwaruze zipewe siku zaidi. Lakini kumbuka ulipima 20, na kila mbegu ina uzito wa asilimia 5. Uhai wa kweli wa kunde zote za chupani unaweza kuwa popote kati ya kama asilimia 32 na 77. Kwa hiyo usiseme 55 kama namba ya duka, sema "zaidi ya nusu, pengine".

Ukiwa na hiyo, unaamua. Ukipanda mbegu mbili kwa shimo kwenye asilimia 55, shimo moja kati ya matano litabaki tupu. Ukipanda tatu, moja kati ya kumi na moja. Kwa mbegu chache kama zako nisingemwaga tatu tatu shambani. Ningeziotesha zote zilizobaki kwenye viriba, nikahamisha miche ikiwa na majani mawili ya kwanza, kabla mzizi haujagusa chini ya kiriba, kwa sababu jamii hii haipendi kusumbuliwa mizizi. Kama zimeota chini ya nusu, fanya hivyo hivyo, ila vuna zote kwa mbegu, usile kunde za msimu huo hata harufu ikikuvuta. Kama zimeota chini ya moja kati ya tano, panda zote zilizobaki mara moja, zikiwemo zile za tobo. Kuziacha chupani mwaka mwingine ni kuzipoteza.

Na zile za kizazi kipya, uzikaushe kuliko bibi alivyoweza. Kuna kipimo chepesi cha nyumbani: weka kiganja cha mbegu kwenye chupa safi kavu ya kioo pamoja na vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa kikaangoni na kuachwa ipoe, funga, tikisa kwa dakika chache, subiri robo saa. Chumvi ikishika pembeni mwa chupa, mbegu bado zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 au hapo karibu. Isiposhika, usiridhike mapema, ni mwanzo tu. Endelea kuzianika siku kadhaa asubuhi juu ya mkeka, kivulini jua likiwa kali. Mbegu ya kunde iliyokauka vizuri ukiigonga kwa nyundo inavunjika vipande, haibonyei. Kisha chekecha majivu ya kuni, changanya kiasi kinacholingana na cha mbegu, jaza hadi mdomoni ili hewa isibaki, funga. Mdudu jike hawezi kupenya majivu kutafuta mahali pa kutaga.

Kuna wakati picha na viriba havitoshi. Ukitaka asilimia unayoweza kuiamini, au ukitaka kuuza mbegu, mtafute TOSCI, taasisi ya kuthibiti ubora wa mbegu, ambao huzipima maabara. Muheza, siyo mbali nawe, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano. Fika na mbegu mkononi pamoja na lile ganda. Afisa ugani wa kata yako naye aone shamba kabla hujachanganya mbegu hizi na za dukani. Na kama miche itaota na majani yana mabaka ya kijani na njano yaliyokunjamana, iondoe mmoja mmoja usiisubiri izae: virusi vya kunde hupita kwenye mbegu, na hilo hakuna picha ya mbegu kavu inayoweza kulionyesha.

Nikuombe kitu kimoja kuhusu picha zijazo. Weka rula kando ya mbegu, chukua picha kwenye mwanga wa dirisha wa ubavuni badala ya tochi, mbegu tatu zikionyesha kitovu juu, tatu zikiwa kwa ubavu, tatu mgongoni. Siku ya 8 nitumie miche ya kunde hivyo hivyo, nikuonyeshe upi ni kamili na upi si kamili.